Mhasibu wa Mwanza ni nani huko Kanada? Jinsi ya kusoma orodha za uainishaji wa kazi

Ukiingia kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Mwanza na kuuliza mhasibu yuko wapi, utaoneshwa mtu. Anaweza kuwa kijana anayekata risiti na kuandika ankara. Anaweza kuwa mama mwenye leja zote za biashara mkononi, anayelipa mishahara na kupeleka ritani za kodi kila mwezi. Anaweza pia kuwa mtu mwenye cheti cha taaluma cha CPA(T), aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, anayekuja mara moja kwa robo mwaka kukagua na kufunga hesabu. Wote watatu huitwa mhasibu, na mtaani hakuna anayekosea kwa kuwaita hivyo, maana kila mtu anajua ni nani anayezungumziwa.

Tatizo linaanza siku mmoja wao anapojaza fomu ya kuhamia nchi nyingine. Fomu haimuulizi anaitwaje kazini tu, inamuuliza namba. Namba hiyo inatoka kwenye orodha ya taifa ya uainishaji wa kazi, na kwa Kanada orodha hiyo inaitwa NOC. Watu wengi hufanya jambo linaloonekana la kawaida kabisa: hutafsiri cheo chao kwa Kiingereza, huandika neno walilopata kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha huchukua namba ya kwanza inayojitokeza. Nimesoma barua nyingi za watu waliokataliwa kwa sababu hii, na wengi wao walikuwa na sifa. Walichagua tu namba ya mtu mwingine.

Nitaifuata kazi hii moja, uhasibu, kutoka Tanzania hadi Kanada. Ukielewa jinsi inavyovuka, fundi magari, afisa tabibu au dereva wa lori atapita njia hiyo hiyo.

Orodha hizi zimejengwaje

Mama wa orodha nyingi duniani ni ISCO, uainishaji wa kimataifa wa kazi unaosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani. Toleo linalotumika sasa ni la 2008, ndiyo maana huandikwa ISCO-08. Lina makundi makuu 10, na ukishuka hadi chini kabisa unakuta makundi madogo 436. Kila kundi dogo lina namba yenye tarakimu nne. Tarakimu ya kwanza inakuonesha kundi kuu, na kadiri unavyosogea kulia ndivyo unavyoikaribia kazi yenyewe.

Kwa watu wetu watatu wa Mwanza, ISCO ina sehemu tatu tofauti. Mhasibu mwenye taaluma kamili yuko 2411, na mkaguzi wa hesabu yuko naye humo. Tarakimu ya 2 mwanzoni inamweka kwenye kundi la wanataaluma. Anayetunza vitabu vya hesabu yuko 3313, kundi la mafundi sanifu na wataalamu wasaidizi. Karani wa hesabu yuko 4311, kundi la makarani. Yaani yale ambayo neno letu moja limeyafunika, ISCO imeyatandaza kwenye ngazi tatu za ujuzi.

ISCO haiangalii cheo. Inaangalia mambo mawili: kazi anayoifanya mtu, na kiwango cha ujuzi ambacho kazi hiyo inakidai. Haijali sana mtu mwenyewe amesoma hadi wapi. Mwenye shahada anayekata ankara kutwa nzima ni karani kwa mujibu wa ISCO. Asiye na shahada anayebeba vitabu vya kampuni kuanzia risiti ya kwanza hadi urari si karani. Jambo hili linawauma wengi wanapolisikia mara ya kwanza, hasa waliohangaika kupata shahada, lakini ndiyo nguzo ya mfumo mzima.

Tanzania ina uainishaji wake wa kitaifa, TASCO, na Kenya ina wake. Zote zimejengwa juu ya ISCO. Hivyo mtu anaweza kuanza na orodha ya nyumbani, akavuka kwa ISCO kama daraja, akafika kwenye orodha ya nchi anayokwenda. Wataalamu wa takwimu huandaa majedwali ya ulinganifu kwa ajili hiyo, yanayoonesha namba ya huku inalingana na namba ipi kule. Majedwali hayo yanafaa kukufikisha kwenye mtaa, lakini hayatakuonesha nyumba. Mara nyingi namba moja ya huku inagawanyika katika namba tatu za kule, na namba mbili za huku zinaunganishwa kuwa moja kule. Aliyeandaa jedwali alikuwa akihesabu watu wa sensa kwa maelfu. Hakuwa akimpima mtu mmoja mwenye mkataba mmoja.

Namba tatu za Kanada

Kanada haitumii tarakimu nne za ISCO. Orodha yake ya 2021 ina tarakimu tano, na idara ya uhamiaji ilianza kuitumia Novemba 2022. Tarakimu ya kwanza ni sekta, na 1 ni biashara, fedha na utawala. Tarakimu ya pili ndiyo ya kuitazama kwa makini, kwa kuwa inataja kiwango kinachoitwa TEER, kinachopima mafunzo, elimu, uzoefu na wajibu ambao kazi inahitaji. Viwango ni sita, kuanzia 0 ya mameneja hadi 5 ya kazi zinazofundishwa kwa maelekezo mafupi pale pale kazini.

Kwa watu wetu watatu, skrini itakuonesha hivi:

```
11100  Financial auditors and accountants
12200  Accounting technicians and bookkeepers
14200  Accounting and related clerks
```

Soma tarakimu ya pili katika kila mstari: 1, 2, 4. Wa kwanza ni TEER 1, kazi ambayo kwa kawaida huhitaji shahada ya chuo kikuu. Wa pili ni TEER 2, kazi ya stashahada ya chuo ya miaka miwili au zaidi. Wa tatu ni TEER 4, kazi inayohitaji elimu ya sekondari au wiki kadhaa za kufundishwa kazini.

Mpango wa Kanada wa wafanyakazi wenye ujuzi, ambao maombi yake hupitia mfumo wa Express Entry, unakubali uzoefu wa TEER 0 hadi 3 tu. Kwa hiyo mpaka wenyewe unapita katikati ya mtunza vitabu na karani. Aliye 12200 yuko ndani, aliye 14200 yuko nje, hata kama wote wawili wameketi chumba kimoja, wanatumia kompyuta moja na wanaitwa mhasibu na bosi mmoja. Watu hubishana sana kama wao ni 11100 au 12200, wakati kwa wengi wao swali lenye uzito ni kama wamevuka 14200.

Namna afisa anavyopima

Kila namba ya NOC ina ukurasa wake, na ukurasa una sehemu kuu nne: orodha ya mifano ya vyeo, tamko la mwanzo lenye sentensi moja au mbili zinazoeleza kiini cha kazi, majukumu makuu, na masharti ya kuajiriwa. Watu husoma mifano ya vyeo, wakiona chao wanafurahi na kufunga ukurasa. Afisa hasomi hivyo. Kanuni za uhamiaji za Kanada zinamtaka ajiridhishe kwamba mwombaji alifanya kazi inayoelezwa kwenye tamko la mwanzo, na kwamba alifanya sehemu kubwa ya majukumu makuu, ikiwemo yote yaliyo ya lazima. Cheo hakimo kwenye kipimo hicho.

Kwa hiyo tulinganishe matamko matatu, kwa maana yake.

Namba 11100 inasema mhasibu hupanga, huandaa na husimamia mifumo ya uhasibu, na mkaguzi huchunguza kumbukumbu za fedha ili kuhakikisha zinafuata viwango. Yaani ndiye anayeamua hesabu zitatunzwaje.

Namba 12200 inasema mtu huyu hutunza seti nzima ya vitabu vya hesabu, huweka kumbukumbu na huhakiki taratibu za kurekodi miamala. Ndiye anayevibeba vitabu mwanzo hadi mwisho ndani ya mfumo uliokwisha kuwekwa.

Namba 14200 inasema karani hukokotoa, huandaa na hushughulikia ankara, madeni ya wadai na wadaiwa na kumbukumbu nyingine za fedha kwa taratibu zilizowekwa. Huyu anashika kipande. Kitabu kizima hakiko kwake.

Angalia pia kwamba majukumu yanaingiliana. Kusuluhisha taarifa ya benki na daftari la fedha kumetajwa upande wa karani, na kusuluhisha hesabu kumetajwa upande wa mtunza vitabu. Mishahara imetajwa pande zote mbili. Mtu akikuambia, "Mimi nafanya usuluhisho wa benki, kwa hiyo ni 12200," hajathibitisha kitu. Kinachotenganisha ni leja kuu na urari: je, mwisho wa mwezi ni wewe unayefunga vitabu, unatoa urari, unatafuta tofauti hadi pande mbili zilingane? Au unampelekea mtu mwingine kipande chako, naye ndiye anayefunga? Nikipewa dakika tano tu na mtu, hilo ndilo swali ninalomuuliza.

Mfano: mwanamke mmoja, namba mbili

Tumchukue mwanamke wa Mwanza, niliyemuunda kutokana na kesi za aina moja. Ana stashahada ya uhasibu. Aliajiriwa Januari 2017 katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi kama karani wa hesabu. Kazi yake ilikuwa kuandika ankara, kupokea hati za malipo, kuziingiza kwenye kompyuta na kufuatilia wateja wanaodaiwa. Januari 2020 mhasibu aliyekuwepo aliacha kazi. Mwenye duka hakuajiri mwingine, alimwambia tu, "Shika wewe, mwanangu." Akashika. Julai 2021, baada ya kulalamika kidogo, akapewa mkataba mpya wenye cheo cha Mhasibu. Aliondoka mwishoni mwa Desemba 2023.

Sasa anajaza maombi. Zipo njia tatu za kuhesabu miaka yake, na mbili ni za makosa.

Akifuata neno, atasema amekuwa mhasibu miaka saba, 2017 hadi 2023, maana hata alipokuwa karani watu walimwita hivyo. Akifuata mkataba, atasema amekuwa mhasibu miaka miwili na nusu, Julai 2021 hadi Desemba 2023. Akifuata kazi, jibu ni miaka minne, kuanzia siku aliyoshika leja kuu.

Tofauti hii ina alama zake. Katika ule mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi, uzoefu wa mwaka mmoja una alama 9, miaka miwili hadi mitatu alama 11, minne hadi mitano alama 13, na sita au zaidi alama 15. Mwombaji anahitaji kufikisha 67 kati ya 100 akijumlisha na lugha, elimu, umri na mengine. Kwa kufuata mkataba angejinyima alama mbili ambazo ni haki yake. Kwa kufuata neno angejipa alama mbili ambazo si zake, na hapo hatari ni kubwa kuliko alama zenyewe: anayebainika kutoa maelezo ya uongo yenye uzito anaweza kufungiwa kuomba kwa miaka mitano.

Tuhakiki sasa kama kweli miaka ile minne ni 12200. Nilichopendekeza kwa watu wa aina yake ni kuchukua mwezi mmoja wa kawaida na kuandika saa zilikwenda wapi. Tuseme mwezi wake wa saa 190 ulikuwa hivi: saa 30 ankara na risiti, saa 40 kuingiza miamala kwenye leja, saa 45 usuluhisho wa benki pamoja na hesabu za wadai na wadaiwa, saa 30 mishahara na makato ya PAYE na NSSF, saa 15 ritani ya VAT, saa 25 kufunga mwezi, urari na ripoti kwa mwenye duka, na saa 5 simu na mengineyo.

Ukiangalia saa tu, unaweza kusema huyu ni karani, maana saa 30 za ankara na sehemu kubwa ya zile 45 hata karani angezifanya. Lakini saa hazipimwi peke yake. Kila mwezi kulikuwa na tarehe 7 ya PAYE na tarehe 20 ya VAT, na mtu aliyekuwa akiziwahi ni yeye. Kulikuwa na urari, na ulipokataa kulingana hakukuwa na mtu wa kumpelekea. Tamko la mwanzo linazungumzia seti nzima ya vitabu, na seti nzima ilikuwa mezani kwake. Yuko 12200.

Je, hawezi kupanda hadi 11100? Hesabu za mwaka za duka lile ziliandaliwa na kukaguliwa na ofisi ya nje ya wahasibu waliosajiliwa. Mfumo wa uhasibu waliuweka wao. Yeye aliwapa vitabu, nao wakatoa taarifa za fedha na kumshauri mwenye duka kuhusu kodi. Kazi iliyotajwa kwenye tamko la 11100 ilikuwa ikifanyika, ila ilifanywa na watu wengine. Hapo jibu ni hapana, na halimpunguzii kitu: katika alama za uzoefu mpango huo unazihesabu TEER 1 na TEER 2 sawasawa. Anayeng'ang'ania 11100 kwa ajili ya heshima anaacha namba inayomfaa na kuchukua isiyomfaa bila kuongeza hata alama moja.

Na ile miaka mitatu ya ukarani? Ni 14200. Ataiandika kwenye historia yake ya kazi kwa ukweli wote, lakini haitaingia kwenye hesabu.

Barua ya mwajiri

Kazi yote hii inafika kwa afisa kupitia karatasi moja, barua ya mwajiri. Idara ya uhamiaji inataka barua yenye jina na mawasiliano ya kampuni, sahihi ya msimamizi, vyeo alivyoshika mtu, tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu. Waajiri wetu wengi hawajazoea barua ya namna hiyo. Wamezoea hii: *Ndugu huyu amekuwa mhasibu wetu tangu 2017, ni mchapakazi, mwaminifu, tunamtakia kila la heri.* Barua hiyo ni nzuri kwa kuombea kazi Shinyanga. Kwa afisa wa uhamiaji ina cheo, haina kazi, na tarehe yake inachanganya namba mbili kuwa moja.

Barua inayofaa inagawa kipindi. Inasema kuanzia Januari 2017 hadi Desemba 2019 alikuwa karani na alifanya haya. Kuanzia Januari 2020 alikabidhiwa vitabu vyote, ingawa cheo kilibadilishwa rasmi Julai 2021, na tangu hapo alifanya haya: alitunza leja kuu na leja ndogo, alisuluhisha akaunti mbili za benki, alitoa urari kila mwezi, aliandaa mishahara ya wafanyakazi 14, aliwasilisha PAYE, NSSF na VAT. Idadi kama hizo, akaunti mbili, wafanyakazi 14, ndizo zinazomfanya msomaji aamini kwamba barua imeandikwa na mtu aliyekuwepo.

Kinyume chake ni barua iliyonakili majukumu ya NOC neno kwa neno. Nimeona barua zilizoorodhesha kila jukumu la ukurasa wa 12200 kwa mpangilio ule ule. Afisa anayeusoma ukurasa ule kila siku anaitambua kwa mtazamo mmoja. Barua ya namna hiyo humfanya aanze kuitilia shaka hata sehemu iliyo kweli. Andika kazi kwa maneno ya dukani kwako. Ikiwa ni kazi ya 12200 kweli, afisa ataiona bila kusaidiwa.

Kwa kile kipindi cha mwaka mmoja na nusu ambapo kazi na cheo vilitofautiana, barua peke yake inaweza isitoshe. Ambatisha orodha za mishahara za 2020 zenye jina lake kama mwandaaji, au uthibitisho wa ritani alizowasilisha, au hata ujumbe wa mwenye duka wa kumkabidhi funguo za kabati la hati. Kitu chochote cha wakati ule kina nguvu kuliko maelezo yaliyoandikwa leo.

Kuhusu tafsiri: barua ya Kiswahili lazima iambatane na tafsiri iliyothibitishwa ya Kiingereza au Kifaransa. Mfasiri mwema wakati mwingine humharibia mtu kwa wema wake. Anakuta "karani wa hesabu," anaona linasikika dogo, anaandika neno la Kiingereza la mhasibu kamili. Sasa barua ya asili inasema karani, tafsiri inasema mhasibu, na majukumu yaliyo chini ni ya ukarani. Mwambie mfasiri aache cheo kama kilivyo.

Mwenye CPA(T) naye

Yule mtu wa tatu, aliyesajiliwa na bodi, hana shida ya namba. Kazi yake iko 11100. Shida yake iko mahali pengine: namba ya uainishaji haimpi leseni. Uhasibu wa taaluma nchini Kanada unasimamiwa na vyombo vya majimbo, na jina la CPA linalindwa na sheria. Anaweza kupata ukaazi kwa uzoefu wa 11100, akatua Edmonton, akakuta kwamba hawezi kujiita CPA hadi chombo cha jimbo kipime sifa zake na kumpa mitihani anayopungukiwa. Katika kusubiri huko wengi hufanya kazi ya 12200, ambayo haidai usajili. Tathmini ya vyeti vya elimu nayo ni jambo la tatu, tofauti na yote mawili: inalinganisha shahada yako na shahada ya Kanada, na haisemi chochote kuhusu kazi uliyofanya. Watu huchanganya mambo haya matatu, namba, leseni na cheti, wakadhani wakipata moja wamepata yote.

Akibadili nchi

Mwanamke wetu akiamua kuacha Kanada na kutazama kwingine, asibebe namba yake. Mtunza vitabu ni mfano mzuri wa kuonesha kwa nini, kwa sababu kila nchi imemweka rafu tofauti. ISCO imemweka na mafundi sanifu, 3313. Kanada imempa TEER 2. Marekani imemchanganya na makarani wa hesabu katika namba moja, 43-3031, chini ya kazi za ofisi. Uingereza imemweka 4122 pamoja na makarani wa mishahara. Katika orodha ya ANZSCO ya Australia yuko 551211, kundi la makarani, ngazi ya ujuzi ya 4 kati ya 5, wakati mhasibu wa kawaida yuko 221111 kwenye ngazi ya kwanza. Ni leja zile zile na urari ule ule. Kanada inamhesabu kuwa mwenye ujuzi, na nchi nyingine inamweka mbali sana na mhasibu.

Hakuna kosa lililofanyika hapo. Kila nchi ilichora orodha kwa kuangalia soko lake la kazi, jinsi waajiri wake wanavyogawa kazi ofisini. Lakini ina maana kwamba ukaribu wa namba mbili kwenye jedwali la ulinganifu haukuahidi kwamba hadhi itavuka pamoja na kazi.

Tarakimu nazo zinaweza kukupotosha. Kabla ya Novemba 2022, uhamiaji wa Kanada ulitumia namba za tarakimu nne: mhasibu alikuwa 1111, mtunza vitabu 1311, karani 1431. Ushauri wa zamani unaozunguka kwenye simu za watu bado unazitaja. ISCO nayo ni ya tarakimu nne, na humo 1111 ni wabunge, 1311 ni mameneja wa uzalishaji wa kilimo na misitu, na 1431 ni mameneja wa vituo vya michezo na utamaduni. Mtu akichukua 1311 kutoka kwenye ujumbe wa 2019 na kuitafuta kwenye jedwali la ISCO, atajikuta anasimamia shamba. Kwa hiyo kila unapoandika namba, iandike pamoja na jina la orodha na mwaka wake: NOC 2021, 12200. Na ukipewa namba isiyo na jina wala mwaka, mrudishie aliyekupa, umuulize ameitoa wapi.